Bondi Ileile, Tabia Mbili

Leo tuko na swali la kijana mmoja wa hapa Gatitu anayesomea kemia, na nimelipenda kwa sababu halina maneno mengi. Anasema hivi: ethilini ni gesi yenye kaboni 2 zilizoshikana kwa bondi maradufu. Anhidridi ya maleiki, ule unga mweupe wa maabara, nayo ina kaboni 2 zilizoshikana kwa bondi maradufu. Mwalimu amewaambia kwamba zote mbili huingia katika mmenyuko wa Diels na Alder, na ubaoni mishale yake ni ileile. Sasa inakuwaje ethilini ikikutanishwa na butadieni inadai nyuzi 165, shinikizo mara 900 la hewa ya kawaida na saa 17, halafu bado mavuno yanaishia asilimia 78, ilhali anhidridi ya maleiki na butadieni hiyohiyo inaridhika na nyuzi 100 tu? Ukiipa saiklopentadieni badala ya butadieni, hata moto haitaki: kazi inafanyika chupa ikiwa ndani ya barafu.

Swali zuri, kijana. Tulichukue polepole.

Otto Diels alikuwa profesa mjini Kiel, Ujerumani, na Kurt Alder alikuwa mwanafunzi wake. Makala yao ilitoka mwaka 1928, na Tuzo ya Nobeli ikawafikia mwaka 1950. Walichokionyesha ni kwamba molekuli yenye kaboni 4 mfululizo, zenye bondi maradufu 2 zilizotenganishwa na bondi moja ya kawaida katikati, inaweza kuungana na molekuli yenye bondi maradufu moja, zikafanya pete ya kaboni 6. Ile ya kaboni 4 tunaiita dieni. Ile ya kaboni 2 tunaiita dienofili, yaani ipendayo dieni. Hakuna kinachotoka na hakuna kinachomwagika. Kila atomu iliyoingia utaikuta ndani ya zao.

Elektroni zinazohusika ni 6: nne za dieni na mbili za dienofili. Zinahama zote kwa mpigo. Ncha 2 za dieni zinashika kaboni 2 za dienofili, na hapo zinazaliwa bondi 2 mpya. Bondi maradufu za zamani zinafunguka, na moja mpya inajitokeza pale katikati ya dieni palipokuwa na bondi ya kawaida. Hakuna kituo cha njiani ambapo ncha moja imeshika na nyingine inangoja huku ikizunguka ovyo. Huenda ncha moja ikatangulia kidogo, lakini safari ni moja.

Tunajuaje? Angalia dienofili yenye makundi 2, moja kwenye kila kaboni. Kama makundi hayo yako upande mmoja wa bondi maradufu, katika zao utayakuta upande mmoja wa pete. Kama yalikuwa pande zinazopingana, yanabaki pande zinazopingana. Lau ncha moja ingeshika kwanza na kusubiri, bondi iliyobaki ingepata nafasi ya kuzunguka, na makundi yangechanganyika. Hayachanganyiki. Mimi ushahidi huu naupenda kuliko mishale yoyote ya ubaoni, kwa sababu mshale unaweza kuchorwa na yeyote, ila zao lazima lipatikane kwenye chupa.

Sasa tuje kwenye umbo la dieni, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza hata kabla ya kufika kwenye elektroni. Chukua koleo la jikoni. Ili lishike kaa, mikono yake miwili lazima ielekee upande mmoja. Ukiukunja mkono mmoja uelekee nyuma, koleo ni zima na halina kasoro, lakini halishiki kitu. Dieni ni hivyo hivyo. Bondi ya kawaida iliyo katikati ya butadieni inazunguka, kwa hiyo bondi maradufu zake 2 zinaweza kuelekea upande mmoja au kupishana. Katika joto la kawaida, molekuli za butadieni karibu zote zimepishana, kwa kuwa zikikaa hivyo zinabanana kidogo na zinatulia zaidi. Chache tu, asilimia kama 3 au chini ya hapo, ndizo zilizoelekea upande mmoja kwa wakati wowote ule, na ni hizo chache zinazoweza kumenyuka. Zikishatumika, nyingine zinazunguka kuchukua nafasi, lakini kila moja inalipa gharama ya kujigeuza.

Saiklopentadieni haina gharama hiyo. Bondi zake maradufu zimo ndani ya pete ya kaboni 5, na pete imezifunga zielekee upande mmoja wakati wote. Hiyo ni sababu mojawapo ya wepesi wake. Upo pia mfano wa kinyume. Ikiwa bondi maradufu zimo ndani ya pete 2 zilizoungana na zimefungwa zikiwa zimepishana, hutapata mmenyuko huu hata ukichemsha hadi kesho.

Kati ya dieni hizo mbili kuna zile zinazosumbua. Chukua pentadieni, ambayo ni butadieni iliyoongezewa kundi dogo la methili kwenye ncha moja. Methili ikielekea nje, dieni inajigeuza bila shida na mmenyuko unakwenda vizuri. Ikielekea ndani, basi dieni inapojaribu kuelekeza mikono upande mmoja, methili inagongana na hidrojeni ya ncha ya pili. Inaweza kujilazimisha, lakini kwa nadra, na kasi inashuka mno. Fomyula ni ileile, idadi ya elektroni ni ileile, na bado moja inafanya kazi na nyingine inagoma. Kwa hiyo, kijana wangu, mmenyuko ukikataa, kabla hujalaumu joto, chora dieni yako ikiwa imeelekea upande mmoja uone nini kinagongana na nini.

Tukishaliweka umbo sawa, linabaki swali lenyewe la kasi.

Elektroni za bondi maradufu zinakaa katika obiti zenye ngazi mbalimbali za nishati. Nyingine zimejaa, nyingine ni tupu. Katika mmenyuko wa kawaida wa Diels na Alder, obiti 2 ndizo zenye usemi mkubwa: ile ya juu kabisa kati ya zilizojaa upande wa dieni, na ile ya chini kabisa kati ya zilizo tupu upande wa dienofili. Elektroni za dieni zinaingiliana na ule uwazi wa dienofili. Kadiri ngazi hizo 2 zinavyokaribiana, ndivyo mwingiliano unavyokuwa na nguvu, na ndivyo kilima cha nishati kinachopaswa kupandwa kinavyopungua.

Kukaribiana peke yake hakutoshi. Kila obiti ina alama, chanya au hasi, kwenye kila ncha, na alama hizo lazima zilingane pande zote mbili kwa pamoja. Obiti ya juu iliyojaa ya butadieni ina alama zinazopingana kwenye ncha zake mbili. Obiti tupu ya ethilini nayo ina alama zinazopingana. Ukiziweka uso kwa uso, chanya inakutana na chanya, hasi inakutana na hasi, ncha zote mbili zinakubali kwa wakati mmoja. Jaribu ethilini mbili kwa njia hiyohiyo, ncha moja itakubali na nyingine itakataa, na ndiyo maana kupasha joto ethilini mbili hakukupi pete ya kaboni 4 kwa urahisi huo. Kenichi Fukui na Roald Hoffmann walipata Nobeli mwaka 1981 kwa kazi ya namna hii.

Sasa angalia ethilini. Uwazi wake uko juu sana kinishati, mbali na elektroni za butadieni. Alama zinalingana, kwa hiyo mmenyuko unaruhusiwa, lakini mwingiliano ni dhaifu. Ndiyo sababu ya zile nyuzi 165 na lile shinikizo. Halafu angalia anhidridi ya maleiki. Kila kaboni ya bondi yake maradufu imepakana na kaboni iliyobeba oksijeni, na makundi hayo yanavuta elektroni kutoka kwenye bondi. Yanapovuta, obiti zote za dienofili zinashuka, na ule uwazi unateremka hadi karibu na elektroni za dieni. Bondi ni ileile ukiichora. Lakini ukiangalia ngazi za nishati, ni watu wawili tofauti kabisa.

Jürgen Sauer, mkemia wa Ujerumani, alipima jambo hili miaka ya 1960 kwa kutumia saiklopentadieni na dienofili zilizobeba makundi ya siano, yaani kaboni iliyofungwa na nitrojeni, ambayo huvuta elektroni kwa nguvu. Tuseme kasi ya akrilonitrili, yenye siano 1, ni 1. Ukiweka siano 4, kasi inapanda hadi mara milioni 40 hivi, kwa nyuzi 20. Nambari hiyo hutajwa sana darasani. Mimi naona ya katikati ndiyo inayofundisha zaidi. Ukiweka siano 2, moja kwenye kila kaboni, kasi inapanda mara 80 au 90 tu. Ukiweka siano hizo hizo 2, lakini zote kwenye kaboni moja, inapanda mara 45,000 kiasi. Idadi ya makundi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mvuto wote umerundikwa mwisho mmoja, na mwisho wa pili umeachwa ukiwa na uwazi mkubwa wa kupokelea elektroni, kwa hiyo bondi ya upande huo inatangulia mwenzake. Basi anayesema "dienofili yenye upungufu wa elektroni huenda kasi" amesema kweli, ila amesema nusu. Upungufu umekaa wapi? Hilo nalo lina uzito.

Kwa upande wa dieni, mambo ni kinyume: kundi linalotoa elektroni, kama methoksi, linapandisha obiti iliyojaa na kuisogeza karibu na uwazi wa dienofili.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe mkononi, kwa walio kwenye maabara za vyuo hapa Nyeri au kule Karatina. Saiklopentadieni hainunuliwi ikiwa hivyo. Inakuja ikiwa imeungana yenyewe kwa yenyewe, mbili mbili, kwa mmenyuko huuhuu wa Diels na Alder, moja ikicheza dieni na mwenzake dienofili. Inabidi uivunje kwa joto la nyuzi 160 hadi 170, ambapo mmenyuko unarudi nyuma, kisha uukamate mvuke wa nusu nyepesi kupitia safu ya kutenganishia. Vitabu vinasema mvuke huo utoke ukiwa na nyuzi 41. Hapo mwanafunzi wa Nyeri anashtuka, kwa kuwa kipimajoto chake kinasoma 35 au 36, na anadhani ameharibu. Hajaharibu kitu. Tuko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ina shinikizo la kama kilopaskali 82 badala ya 101, na kimiminika kinachemka mapema. Cha kuangalia ni kwamba kipimajoto kimetulia hapo. Kikianza kupanda kupita 40, ujue ile iliyoungana mbili mbili imeanza kuvuka nayo, punguza moto. Chupa ya kupokelea ikae kwenye barafu, na pasiwe na mwali wa moto karibu, kwa kuwa mvuke huu unashika moto upesi.

Pima gramu 6 za anhidridi ya maleiki. Zivuruge ndani ya mililita 20 za ethili asetati zikiwa na joto kidogo hadi ziyeyuke, ongeza mililita 20 za heksani, kisha poza kwenye barafu. Mimina mililita 6 za saiklopentadieni iliyotoka kuvunjwa sasa hivi, uzungushe chupa. Chupa itapata joto mkononi, na baada ya dakika chache vinaanza kuanguka vijifuwele vyeupe. Vipashe moto viyeyuke tena, kisha uache vipoe vyenyewe taratibu bila kuguswa, upate fuwele ndefu za kupendeza. Ukikokotoa, gramu 6 za anhidridi zinaweza kutoa gramu 10 za zao kwa juu kabisa. Ukipata 8, umefanya kazi.

Fuwele hizo ziyeyushe kwenye kipimio. Zikiyeyuka kwenye nyuzi 164 au 165, una zao linaloitwa endo. Kuna pacha wake, ekso, anayeyeyuka karibu na nyuzi 143. Tofauti yao ni hii: dienofili ilipoilalia dieni, makundi yake ya oksijeni yanaweza kuwa yameelekea ndani, chini ya dieni, au nje. Alder na Gerhard Stein waliona, mwaka 1937, kwamba ya ndani ndiyo hutokea kwanza, ingawa ya nje ndiyo inayotulia zaidi ukiipa muda na joto kali. Maelezo yanayofundishwa ni kwamba yale makundi, yakiwa chini ya dieni, yanapata mwingiliano wa ziada na elektroni za katikati yake. Wapo wanaobisha kwamba maelezo hayo yanatosha, na ubishi haujaisha, lakini kwenye maabara yetu kipimajoto kinasoma 164.

Kinachoharibika mara nyingi ni viwili. Cha kwanza, chupa yenye maji. Anhidridi ikikutana na maji inafunguka kuwa asidi, na fuwele zako zitakuwa mchanganyiko usioyeyuka kwa nyuzi moja bali kwa kuburuta. Cha pili, saiklopentadieni iliyolala. Ukiivunja jioni ukaiacha mezani hadi kesho yake, sehemu kubwa imeshaungana tena, na utakapoimimina utangoja fuwele zisizokuja. Usijaribu kuamua kwa permanganeti kama mmenyuko umekwisha: zao bado lina bondi maradufu moja, kwa hiyo rangi itapotea hata kama kila kitu kimekwenda sawa.

Kabla sijawaacha, kuna mpaka wa kanuni hii ambao kijana wetu hakuuliza lakini ataulizwa kwenye mtihani. Chukua saiklopentadieni, ondoa hidrojeni zake zote 6, weka klorini 6. Umbo la koleo halijabadilika, bado limefungwa upande mmoja. Lakini klorini zimevuta elektroni, na dieni yenyewe sasa ndiyo yenye upungufu. Ukiiletea anhidridi ya maleiki, wanakutana maskini wawili. Wanamenyuka, ila kwa joto na kwa kujikokota. Ukiiletea stairini, ambayo ina elektroni za kutosha, kasi inakuwa zaidi ya mara 20 ya ile ya anhidridi. Ukiileta ile yenye siano 4, bingwa wa hapo awali, hakuna kinachotokea. Elektroni zinakwenda upande wa pili: dienofili inatoa, dieni inapokea. Mwingiliano ni uleule wa iliyojaa na iliyo tupu, ila waliobeba wamebadilishana.

Dieni hiyo ya klorini si kitu cha kitabuni tu. Ukiikutanisha na nobonadieni, ambayo nayo hutengenezwa kwa mmenyuko huuhuu kutokana na saiklopentadieni na gesi ya asetilini, unapata aldrini. Iongezee oksijeni moja, unapata dieldrini. Ndiyo, majina hayo yalitolewa kwa heshima ya Alder na Diels. Dieldrini ndiyo iliyopuliziwa kuta za nyumba mpakani mwa Kenya na Tanganyika katika mradi wa malaria wa Pare na Taveta, kati ya mwaka 1954 na 1959. Hukaa muda mrefu mno kwenye udongo na kwenye mafuta ya miili ya viumbe, na mwaka 2001 aldrini na dieldrini zikawekwa kati ya kemikali 12 za kwanza za Mkataba wa Stockholm.

Sasa geuza mpangilio. Badala ya dieni ya klorini kukutana na nobonadieni isiyo na klorini, chukua nobonadieni yenye klorini 6 uikutanishe na saiklopentadieni ya kawaida. Atomu ni zilezile, idadi ileile, lakini mikunjo ya pete inaelekea upande mwingine, na unapata isodrini badala ya aldrini. Iongezee oksijeni, unapata endrini. Dieldrini na endrini zote huandikwa C12H8Cl6O, na bado panya hufa kwa kipimo kidogo zaidi cha endrini kuliko cha dieldrini.